Kurudisha bei za jana bila kufuta mauzo ya leo

Tuseme kuna duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, tawi la kampuni yenye maghala Dar es Salaam na Mwanza. Kila usiku saa nane programu hujiwasha yenyewe, husoma faili la bei na hesabu ya mali kutoka makao makuu, kisha huilinganisha hifadhidata ya tawi na faili hilo. Bidhaa iliyopanda bei inapandishwa, mpya inaingizwa, na isiyokuwemo kwenye faili inafungwa isiuzwe. Kazi hiyo huitwa usawazishaji. Humalizika kwa dakika chache, na hakuna anayeikumbuka mpaka siku iharibu mambo.

Yanaharibika hivi: mtu wa ofisini ameliweka faili la Mwanza mahali pa faili la Mbagala. Safu ni zilezile, tarakimu ni tarakimu, programu haioni kasoro yoyote. Kwa dakika sita za usiku inabadilisha bei za bidhaa 5,140, inaingiza bidhaa 310 ambazo tawi halijawahi kuwa nazo, na inafunga 450 ambazo ziko rafuni. Duka linafunguliwa saa moja na nusu. Inapofika saa nne, fundi mmoja anauliza imekuwaje saruji aliyoinunua jana kwa shilingi 16,500 leo iwe 21,000. Kufikia hapo risiti 140 zimeshatoka.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kurudisha mfumo ulivyokuwa usiku kabla ya saa nane. Kama seva inatumia mfumo wa kuhifadhi faili uitwao ZFS, na anayeitunza alikuwa na busara ya kuamuru picha ya diski ipigwe kabla ya kila usawazishaji, picha hiyo ipo. Amri yenyewe ni fupi:

```
zfs snapshot data/duka@kabla-4127
```

Picha ya namna hii, wenyewe huiita snapshoti, hupigwa papo hapo, kwa sababu hakuna kinachonakiliwa wakati huo. ZFS haiandiki juu ya data iliyopo. Kila badiliko huandikwa mahali pengine kwenye diski. Kupiga picha ni kuuambia mfumo usiviachie vipande vya zamani. Nafasi inaliwa taratibu kadiri data mpya inavyozidi kutofautiana na ile ya kwenye picha.

Kurudi nako ni rahisi: unazima hifadhidata, unatoa amri ya `zfs rollback`, unaiwasha tena. Bei za Mwanza zimetoweka. Ila zimetoweka na zile risiti 140, mifuko iliyotoka ghalani asubuhi, na mteja aliyekuja saa mbili kulipa deni lake la mwezi uliopita. Picha ya diski haijui kipi kiliandikwa na programu usiku na kipi kiliandikwa na keshia mchana. Inachojua ni kabla na baada tu.

Hasara ya aina hiyo iliwahi kuonekana mbele ya dunia nzima. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, ilikuwa inahangaika kuisawazisha upya hifadhidata yake ya akiba, iliyokuwa imebaki nyuma ya ile kuu. Mhandisi mmoja, akidhani yuko kwenye seva ya akiba, alifuta data kwenye seva kuu. Kati ya gigabaiti karibu 300 zilibaki kama 4.5. Nakala rudufu za kawaida zilipotafutwa ikagundulika zilikuwa hazifanyiki. Kilichowaokoa ni snapshoti iliyopigwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Waliirudisha, na kila kilichoandikwa kwenye hifadhidata katika saa hizo sita kikapotea: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, na akaunti mpya zipatazo 700. Wao hawakuwa na njia nyingine. Duka letu linaweza kuwa nayo.

Saa sita za duka si za hifadhidata peke yake. Kwa Tanzania, risiti zile 140 zimepita kwenye mashine za EFD na taarifa zake ziko TRA. Fedha za M-Pesa zimeshaingia. Ukiirudisha hifadhidata usiku wa manane, vitabu vya duka vitasema mauzo hayo hayajatokea, na dunia nzima ya nje itasema yametokea.

Kuna mtego mwingine usioonekana mapema. Mifumo mingi husawazisha pande mbili: tawi linapeleka makao makuu na makao makuu yanapeleka tawini, na pande zikitofautiana, rekodi yenye saa ya karibuni ndiyo inayoshinda. Sasa, ukirudisha picha ya diski, rekodi zako zinarudi na saa zake za zamani. Upande wa pili bado una bei mbovu, zenye saa ya usiku wa leo. Usawazishaji unaofuata utaona yako ni ya kale, uifute tena. Watu wamewahi kurudisha data alasiri wakaenda kulala, kesho yake wakaikuta palepale ilipokuwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla ya kugusa chochote, ni kuizima ratiba ya usawazishaji.

Njia ya pili hutaka maandalizi ya mapema. Kila programu inapoanza kazi hujipa namba yake, na usiku ule namba ilikuwa 4127. Kila inapobadilisha kitu, huandika kwenye jedwali la pembeni: namba ya mzunguko, bidhaa gani, safu gani, thamani ya zamani, thamani mpya. Mstari huo lazima uandikwe ndani ya muamala uleule wa hifadhidata unaobadilisha bei, ili vyote viwili vifanikiwe au vyote vishindwe. Daftari linaloandikwa kando, kwa muda wake, litakuja kukudanganya siku umeme ukikatika katikati.

Ukiwa na daftari hilo, hurudishi saa nyuma. Unatengua kazi ya mzunguko mmoja, na mauzo ya asubuhi hayaguswi kwa sababu hayana namba 4127. Kwenye PostgreSQL, sehemu ya bei inaweza kuwa hivi:

```sql
UPDATE bidhaa b
SET bei = m.bei_ya_zamani
FROM mabadiliko m
WHERE m.run_id = 4127
  AND m.bidhaa_id = b.id
  AND b.bei = m.bei_mpya;
```

Mstari wa mwisho ndio wenye thamani kuliko yote. Unasema: rudisha bei ya zamani pale tu ambapo bei iliyopo sasa ni ileile iliyoandikwa na mzunguko 4127. Meneja wa tawi, saa mbili asubuhi, alikuwa ameshashtukia bei za nondo na kuzirekebisha kwa mkono, bidhaa 12. Bila mstari huo, kazi yake ingefutwa kimyakimya. Ukiwapo, bidhaa 5,128 zinarudi, na zile 12 zinabaki zilivyo na kuingia kwenye orodha ya kuamuliwa na mtu.

Hesabu ya mali ni kazi nyingine, na hapa wengi huteleza. Saruji Mbagala ilikuwa mifuko 340. Faili la Mwanza likaandika 900. Asubuhi ikauzwa mifuko 45, mfumo sasa unasoma 855. Sharti la “iliyopo iwe sawa na iliyoandikwa” halitimii, maana 855 si 900, na kurudisha 340 kwa nguvu ni kosa, maana mifuko 45 imeshaondoka. Jibu ni kutengua tofauti: mzunguko uliongeza 560, kwa hiyo punguza 560 kwenye kilichopo. Inabaki 295, ambayo ndiyo 340 ukitoa 45. Bei hurudishwa kwa thamani yake ya zamani. Kiasi hurudishwa kwa tofauti. Mfumo usiotenganisha hayo mawili utakupa bei nzuri na ghala la uongo.

Bidhaa 450 zilizofungwa zinafunguliwa bila tabu. Zile 310 zilizoingizwa zinataka uangalifu kidogo, kwa sababu nne kati yake keshia alishaziuza, akiziona zinafanana na za rafuni. Ukijaribu kuzifuta, hifadhidata iliyojengwa vizuri itakataa, maana kuna risiti zinazozitaja. Zifunge tu zisiuzwe, na mauzo hayo manne yahamishiwe kwenye bidhaa halisi. Utenguzi wenyewe nao upewe namba yake, 4128, na uandikwe kwenye daftari lilelile, kwani unaweza kukosewa kama kazi nyingine yoyote.

Je, kama hakuna daftari ila snapshoti ipo? Usirudi nyuma, ifungue kando. Amri ya `zfs clone` hukupa nakala hai ya picha ile bila kuigusa hifadhidata inayofanya kazi. Iwashe kama hifadhidata ya pili, ulinganishe bei za kabla na za sasa, uchukue zinazohitajika. Ni kazi ya jasho zaidi, kwa kuwa tofauti utakazoziona zitakuwa mchanganyiko wa programu na watu, na itabidi uzitenganishe kwa saa na kwa akili. Kurudi moja kwa moja kunafaa tatizo likigunduliwa saa nane na robo usiku, kabla ya duka kufunguliwa, au pale uharibifu ulipokuwa mkubwa kiasi kwamba daftari lenyewe haliaminiki.

Mzunguko mbovu ungeweza pia kujisimamisha. Usiku wa kawaida tawi hili hubadilisha bei za bidhaa thelathini au arobaini. Elfu tano ni kelele ambayo programu yoyote ingeweza kuisikia. Programu ya kunakili faili ya `rsync` ina chaguo la `--max-delete`, linaloweka kikomo cha vitu vya kufutwa. Huduma ya Microsoft ya kusawazisha akaunti za wafanyakazi husimama yenyewe ikitakiwa kufuta zaidi ya vitu 500, mpaka msimamizi abadilishe kikomo. Duka la Mbagala lingeridhika na sharti la asilimia tano: zikizidi bidhaa 310 kati ya 6,200, simama na umwamshe mtu.

Baada ya utenguzi kuna kitu ambacho amri hazikifikii. Waliolipia saruji 21,000 wameshalipa. Daftari la mzunguko linasaidia hapa pia: chukua risiti zote zilizotoka kati ya saa nane usiku na saa ya utenguzi, zioanishe na bidhaa zilizomo kwenye 4127, utapata nani alizidishiwa na kwa kiasi gani. Kila mfuko una shilingi 4,500 za kurudishwa, na kwa kuwa risiti za EFD hazifutwi kimyakimya, keshia ataandika hati za marejesho moja moja na kuwapigia simu wateja ambao namba zao zimo. Waliolipa taslimu bila kuacha jina watasubiriwa waje wenyewe, na orodha ibandikwe karibu na mashine.