Karatasi Mbili za Siri

Zoezi hili la mafunzo ya viongozi huanza na karatasi tatu. Ya kwanza husomwa na wote: mfumo mpya wa malipo ulizinduliwa, ukakwama siku hiyohiyo, na mkurugenzi anataka taarifa moja yenye sahihi mbili. Zilizobaki ni za siri. Mkuu wa Masoko ameandikiwa kwamba aliwatangazia wateja tarehe ya uzinduzi kabla ya kuuliza kama mfumo uko tayari. Mkuu wa Tehama ameandikiwa kwamba fundi wake alimwonya wiki tatu kabla, naye akanyamaza.

Hupewa dakika 20. Mara nyingi mwanzo huwa hivi:

"Kaka, mfumo ni wenu, na umekwama mikononi mwenu."

"Dada, tarehe mliipanga ninyi."

Wote wawili wamesema kweli, na kila mmoja ameficha nusu yake. Ndiyo kazi ya siri zile. Mtazame anayeikunja karatasi yake na kuifunika kwa kiganja. Mara nyingi huyo ndiye hushambulia zaidi. Mambo hugeuka mmoja anapouliza, "Tulijua nini, na tulijua lini?" kisha akatangulia kujibu mwenyewe.

Igizo likiisha, karatasi zote husomwa kwa sauti, na hapo ndipo penye somo. Mwendeshaji, tenga kwa mazungumzo hayo muda usiopungua ule wa igizo. Ukiyakatisha, washiriki wataondoka na hasira ya kuigiza iliyokwisha kuwa ya kweli.