Ijumaa ya Tatu ya Mwezi: Kwa Nini Soko la Marekani Hujaa Pilkapilka

Umefungua apu yako ya hisa Ijumaa jioni, ukaona hisa ya Marekani inauzwa na kununuliwa kwa wingi kuliko kawaida, lakini hakuna habari yoyote? Angalia kalenda kwanza. Huenda ni siku ya opsheni kuisha muda.

Opsheni ni mkataba unaokupa haki ya kununua au kuuza hisa, kwa kawaida 100, kwa bei mliyokubaliana, kabla ya siku fulani. Hisa za kampuni kubwa zina opsheni zinazoisha kila Ijumaa. Zile za mwezi huisha Ijumaa ya tatu. Machi, Juni, Septemba na Desemba, mikataba ya fahirisi za hisa nayo huisha siku hiyo hiyo.

Wingi unatoka wapi?

Opsheni za wiki huwa na muda mfupi wa kukusanya wanunuzi. Za mwezi na za robo mwaka huwa sokoni kwa miezi, kwa hivyo mikataba mingi hufika mwisho pamoja. Wenye nayo hufunga au huhamia tarehe ya mbele. Huo wingi ni kama kufunga hesabu tu, si dalili kwamba kampuni imebadilika.

Na bei je?

Tuseme hisa iko karibu na dola 100, na wafanyabiashara wakubwa wameshika opsheni nyingi za kununua kwa dola 100. Ili kujikinga, bei ikipanda wanauza hisa, ikishuka wananunua. Saa zikiyoyoma, kujikinga huku huongezeka, na bei hung'ang'ania 100. Lakini kama wao ndio waliouza hizo opsheni, mambo hugeuka: bei ikipanda wananunua, ikishuka wanauza, na bei hukimbia zaidi. Wiki ya kawaida mara nyingi haina mikataba ya kutosha kuleta nguvu hiyo.

Inakuhusu vipi?

Sema una opsheni moja ya kununua kwa dola 100, na soko linafunga hisa ikiwa dola 100.05. Faida yako hapo ni dola 5 tu, kabla ya kutoa ulichoilipia. Lakini opsheni iliyo na faida hata ya senti moja hutekelezwa yenyewe, usipotoa maagizo tofauti. Sasa unatakiwa kulipa dola 10,000 za hisa 100. Jumatatu zikifungua kwa dola 97, umepoteza dola 300 ukiwa umelala. Kama akaunti haina pesa hizo, dalali wako anaweza kuifunga opsheni mapema kwa bei iliyopo.

Soko hufunga saa tano usiku saa za Nairobi, au saa sita usiku wakati wa baridi kule. Kama hutaki hisa zenyewe, uza opsheni yako kabla ya hapo.