Umeshakubali Kazi, Sasa Unataka Kujitoa: Useme Nini?

Chukulia mhasibu wa Dar es Salaam aliyefanya usaili katika kampuni mbili. Kampuni ya Morogoro ilimjibu mapema, akasaini barua ya ajira tarehe 10 ili aanze kazi tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Tarehe 17 ile kampuni ya pili, iliyopo Dar es Salaam, nayo inampigia simu: nafasi ni yako. Mke wake anafundisha Temeke na watoto wanasoma hukohuko. Anataka kubaki. Aanzie wapi?

Aanze na ile kazi mpya. Simu ya kupongezwa si ajira. Kabla hajaiacha Morogoro, awe na barua mkononi yenye mshahara, cheo na tarehe ya kuanza. Wapo waliojitoa kwa kutegemea ahadi ya mdomo, kisha bajeti ikasitishwa, wakakosa huku na kule.

Akishaipata, aisome upya barua aliyosaini. Hakuna atakayemlazimisha kufanya kazi asiyoitaka, lakini saini ina uzito wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inataka notisi isiyopungua siku 7 ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, na siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi. Masharti hayo yanamhusu zaidi aliyekwisha kuanza. Kwa huyu ambaye hajaanza, la kuangalia kwanza ni maneno ya barua yenyewe: je, kuna kipengele cha kujitoa kabla ya kuripoti? Je, alipewa fedha za kuhama au alilipiwa mafunzo? Kama alizipokea, azirudishe, na aseme lini.

Baada ya hapo asilale na jambo hilo. Mwajiri anapopata saini, huwaandikia waombaji wengine kwamba nafasi imejazwa. Aliyeshika nafasi ya pili kwenye usaili bado anaweza kupatikana wiki hii. Mwezi ujao huenda ameshapata kwingine. Kuchelewa ndiko kunakomuumiza mwajiri, na ndiko kunakokumbukwa siku jina lako likitajwa mbele ya mwajiri mwingine.

Kwanza apige simu kwa aliyemwajiri, saa za kazi, asitume ujumbe wa usiku. Baada ya salamu aende kwenye hoja: “Mama, nimepiga kukueleza jambo gumu, na nimeona ulisikie kutoka kwangu mwenyewe. Sitaweza kuja Morogoro. Nimepata nafasi hapa Dar es Salaam ambako familia yangu ipo, na nimeamua kuichukua. Naomba radhi kwa usumbufu. Leo hii ninatuma barua.”

Huenda akaulizwa: “Tukikuongezea mshahara je?” Jibu awe nalo kabla ya kupiga. Akiwa ameshaamua, aseme, “Nashukuru sana, lakini uamuzi wangu ni wa mwisho.” Akisita, mwajiri ataendelea kumsubiri bure.

Siku hiyohiyo barua ifuate kwa barua pepe, maana simu haiwekwi kwenye faili:

“YAH: KUJITOA KATIKA NAFASI YA MHASIBU

Mada tajwa hapo juu yahusika. Tarehe 10 mwezi huu nilisaini barua ya kukubali nafasi ya mhasibu katika kampuni yenu, nikitarajia kuanza kazi tarehe 1 mwezi ujao. Kama nilivyokueleza kwa simu leo, ninajitoa katika nafasi hiyo kwa kuwa nimepata kazi nyingine karibu na familia yangu.

Ninaomba radhi kwa usumbufu huu, hasa kwa kuwa mlikwisha kuanza maandalizi. Sijapokea fedha wala kifaa chochote cha kampuni. Ninashukuru kwa imani mliyonionyesha.”

Barua hiyo inatosha. Ina tarehe, ina uamuzi usio na “labda”, ina sababu moja ya kweli, na imeeleza mali ya kampuni. Jina la kampuni mpya na kiasi cha mshahara si lazima vitajwe. Asisingizie ugonjwa wala msiba, kwa sababu wahasibu wa nchi hii hukutana, na uongo wa namna hiyo hujulikana. Wala asiilaumu Morogoro kwa mshahara mdogo ilhali mshahara huo aliuona akausaini.

Mwajiri anaweza kukasirika, na ana haki. Huenda asikuite tena. Hiyo ndiyo gharama ya kubadili neno, na barua nzuri haiifuti. Kwa hiyo ukiwa bado unasubiri majibu ya usaili mwingine, omba siku chache za kufikiri kabla ya kusaini. Kuomba muda hakumvunjii mtu heshima. Kusaini kisha kutoonekana ndiko kunakomvunjia.