Sentensi zetu hazina kikomo: tunajuaje?

Aghalabu sisi walimu wa isimu huwaambia wanafunzi kwamba sentensi za lugha hazina kikomo. Ni nadra mwanafunzi kuinua mkono na kuuliza: umejuaje, Profesa, ilhali hakuna aliyewahi kuzihesabu? Naam, swali hilo ni zito. Kujibu kwamba ‘ni nyingi mno’ hakutoshi. Chembe za mchanga katika ufuo wa Lamu ni nyingi mno, wala hakuna atakayejaribu kuzihesabu, lakini zina kikomo. Kiswahili chetu hutuponza kidogo hapa, maana katika mazungumzo tunatumia ‘-siohesabika’ na ‘-sio na kikomo’ kana kwamba ni maneno pacha.

Mwaka wa 1888, mwanahisabati Mjerumani Richard Dedekind alichapisha kipimo ambacho hakihitaji kuhesabu. Kwa mujibu wake, seti haina kikomo iwapo vitu vyake vyote vinaweza kuoanishwa, kimoja kwa kimoja, na vitu vya sehemu yake tu, yaani sehemu iliyoacha nje angalau kitu kimoja. Kwa maneno mengine, unapunguza kitu, na bado kilichobaki kinawatosha wote.

Hebu kwanza tuone kwa nini seti yenye kikomo haiwezi kamwe kufaulu mtihani huo. Tuseme treni imesimama katika stesheni ya Konza, pale reli ya Magadi inapochepuka kutoka ile ya Mombasa na Nairobi. Ina mabehewa matano: A, B, C, D na E. Kila behewa lielekeze mshale kwa behewa moja. Masharti ni mawili tu: mabehewa mawili yasielekeze kwa moja, na A asielekezewe na yeyote, kwa kuwa ndiye tuliyemwacha nje.

Anza na A. Hawezi kujielekezea mwenyewe, basi tuseme anaelekeza kwa B. B naye haruhusiwi kurudi kwa A, wala hawezi kujielekezea mwenyewe kwa sababu B ameshachukuliwa. Lazima aende kwa mpya, tuseme C. Vivyo hivyo C anaenda kwa D, na D kwa E. Sasa E afanye nini? A ni marufuku; B, C, D na E mwenyewe wameshachukuliwa. Amekwama! Na hata mabehewa yangekuwa milioni moja, mambo yangekuwa yale yale. Kila hatua hudai behewa jipya, na seti yenye kikomo lazima iishiwe na mapya.

Sasa turudi kwa lugha. Chukua sentensi yoyote ya taarifa ya Kiswahili, kisha uitangulizie maneno ‘Mutua alisema kwamba’. ‘Mvua imenyesha Konza’ inaoana na ‘Mutua alisema kwamba mvua imenyesha Konza’. Hii nayo inaoana na ‘Mutua alisema kwamba Mutua alisema kwamba mvua imenyesha Konza’. Sentensi mbili tofauti haziwezi kuzaa moja, kwani ukiyaondoa maneno yale ya mwanzo unaipata ile ile uliyoanza nayo. Na je, kuna iliyoachwa nje? Ipo: ‘Mvua imenyesha Konza’ yenyewe haianzi na Mutua. Sentensi zote, basi, zimeoanishwa na sehemu yake tu. Mshale haukwami popote. Hilo ndilo jibu la yule mwanafunzi.

Tahadhari, hata hivyo. Si kila kanuni ya kuoanisha inafaa. Ukisema ‘badilisha kila jina la mtu liwe neno mtu’, basi ‘Mutua amefika’ na ‘Mwende amefika’ zote zitakuwa ‘Mtu amefika’. Mishale miwili imegongana, kwa hivyo kanuni hiyo haithibitishi lolote. Lakini pia haithibitishi kwamba sentensi zina kikomo. Kanuni moja ikifaulu inatosha; moja ikishindwa, umeshindwa wewe tu kuchagua.

Tena, kipimo hiki kinahusu sarufi, si pumzi ya msemaji. Kila sentensi moja moja ina mwisho wake, na hakuna atakayetamka ‘Mutua alisema kwamba’ mara elfu moja. Kisicho na kikomo ni mkusanyiko wa zile ambazo sarufi inaziruhusu. Irabu zetu, kwa upande mwingine, ni tano. Zioanishe upendavyo: ukiacha moja nje, kama lile behewa E, mmoja atakosa mwenzake.

Kwa hivyo, msomaji, ‘-siohesabika’ tuliachie mchanga wa Lamu na uchovu wa anayehesabu. ‘-sio na kikomo’ tulitumie pale tunapoweza kuionyesha kanuni inayoacha kitu nje na bado ikawatosha wote.