Cha Kupakia na cha Kuacha

Hadithi fupi ya familia inayolazimika kuhama ghafla huendeshwa na swali moja linalorudiwa: hiki kipakiwe au kiachwe? Mkoani Singida swali hilo liliulizwa kweli wakati wa Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi hiyo ilitakiwa iishe kufikia mwisho wa 1976. Kaya zilizotawanyika zilihamishwa, nyingine kwa malori, na mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi.

Tuseme hadithi inahusu kaya moja ya Kinyaturu iliyopewa nusu ya lori, na dereva hatarudi tena. Mpaka huo ndio unaozaa hadithi, kwa kuwa kila kinachopanda kinashusha kingine.

Nyumba yenyewe ni tembe. Udongo wa paa lake haumgombanishi mtu. Boriti ni jambo jingine: katika nchi kavu miti minene ni adimu, hivyo baba anataka zing'olewe. Mama anaitaka nafasi hiyo kwa mtama, maana huko waendako watalala njaa kabla hawajaezeka. Wakikubaliana kuchukua boriti chache, paa linashuka, na tangu hapo hakuna tena wa kusema labda wabaki. Kitu kimoja kimefunga njia ya vingine vyote.

Kisha linakuja jiwe la kusagia. La chini ni zito. La juu hushikwa mkononi. Mtu wa mjini angeona wepesi: lichukuliwe la juu. Lakini mawe hayo yamelika pamoja kwa miaka, na la juu peke yake halisagi vizuri. Bibi analijua hilo, baba halijui. Mazungumzo yao mafupi juu ya jiwe yanaonyesha nani hufanya kazi gani nyumbani humo, na mwandishi hahitaji kueleza zaidi.

Kilicho kikubwa kuliko vyote hakitajwi kabisa. Ni samadi ya zizini, iliyorutubisha shamba la jirani na nyumba mwaka hadi mwaka. Hakuna anayependekeza kuipakia, ila mavuno yalitegemea hiyo. Hapa mwandishi hupata shida: akiieleza yeye mwenyewe, hadithi inageuka somo la kilimo. Afadhali mtoto aulize huko mbele watalima wapi, na baba aendelee kufunga kamba.

Kasoro ya kawaida ya hadithi za namna hii ni kuwa orodha. Hugundulika kwa kubadilisha nafasi za vitu viwili: kama jiwe likitangulia boriti na hakuna kinachoharibika, basi uamuzi wa kwanza haukubana wa pili. Kasoro nyingine ni kukipa kila kitu kumbukumbu na machozi. Sufuria iliyotoboka iachwe kwa sentensi moja.

Hadithi huisha mzigo ukishafungwa. Maisha ya kijiji kipya, pamoja na maji yake na majirani wake, ni hadithi nyingine.