Grafiki ilisema 52, rejista ikasema 214

Wandugu, leo sileti nadharia. Naleta kitu kilichonipata kazini, kwa sababu wengi wetu tukimaliza masomo tunapewa kiti mbele ya ordinatere na kuambiwa: "Wewe umesoma, utashika mambo ya data." Mimi nilipewa kiti hicho katika kituo cha afya kimoja upande wa Uvira, kule bondeni ambako malaria haituachi, hasa mvua ikinyesha.

Kazi yangu ni rahisi kuieleza. Mgonjwa akipimwa kwa TDR, yaani kile kipimo cha tone la damu cha dakika chache, muuguzi anaandika jina, umri, tarehe na jibu katika rejista ya karatasi. Waliokutwa na malaria anawaandikia POS kwa biki nyekundu. Mimi nachukua hao wa nyekundu tu, nawaingiza katika faili la Excel, mgonjwa mmoja mstari mmoja. Faili linahesabu kila mwezi na kuchora grafiki. Grafiki tunaibandika ukutani, na muuguzi mkuu, ambaye sisi wote tunamwita Titilere, anaitazama wakati wa kujaza ripoti ya mwezi ya SNIS inayokwenda kwenye biro ya zoni ya afya.

Tarehe 3 Mei 2024, siku ya ijumaa, Titilere alikuwa na furaha. Grafiki ilionyesha Januari wagonjwa 231, Februari 198, Machi 207, halafu Aprili 52. Mwezi wa Machi vyandarua viligawiwa katika mitaa yetu. Akaniambia: "Mwanangu, unaona? Vyandarua vimefanya kazi. Wakubwa wa zoni watafurahi." Alikuwa ameshika biki, anataka kuandika 52 kwenye karatasi ya ripoti.

Mimi pia ningefurahi, lakini rejista ilikuwa wazi mezani kwenye ukurasa wa tarehe 22 Aprili. Siku hiyo moja ilikuwa na POS 11 za nyekundu. Nikafanya hesabu kichwani: 52 kwa siku 30 haifiki hata wagonjwa wawili kwa siku. Sasa siku moja inapataje 11? Nikafungua kurasa zingine, nyekundu imejaa. Nikamwambia: "Papa Titilere, ngoja kidogo. Usiandike bado."

Tulihesabu rejista ya Aprili sisi wawili, yeye anasoma, mimi naweka alama. Tukarudia mara ya pili tukibadilishana. Mara zote mbili ikatoka 214. Kwa hiyo karatasi ilikuwa na wagonjwa 214 na grafiki 52. Wagonjwa 162 walikuwa wamepotea.

Wazo la kwanza la kila mtu pale ni kwamba stajere hakuingiza kazi. Niliugua tangu jumatatu tarehe 8 Aprili hadi mwisho wa mwezi, na dada mmoja wa stajі alishika nafasi yangu, kwenye mashini mpya tuliyokuwa tumepewa. Aliitwa. Alikuja anatetemeka, akasema: "Papa, mi niliandika yote vile iko mu rejista. Siku kwa siku." Titilere hakumwamini. Mimi nilitaka kwanza kuuliza faili lenyewe.

Kama mistari haikuingizwa, jumla ya mistari itapungua. Rejista ya miezi minne ina 231 + 198 + 207 + 214, yaani wagonjwa 850. Tarehe ziko kwenye safu ya A, kuanzia mstari wa 2. Mashini yangu ina Excel ya kifaransa, kwa hiyo niliandika hivi:

```
=NBVAL(A2:A851)
```

NBVAL inahesabu kila kisanduku chenye kitu ndani, kiwe nini. Jibu: 850. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekosekana! Dada alisema kweli. Wagonjwa walikuwa ndani ya faili, ila faili halikuwaona katika mwezi wa Aprili. Hapo swali likabadilika. Tukaacha kuuliza nani hakufanya kazi, tukauliza wamekaa wapi.

Fomula ya pili inafanana na ya kwanza, lakini NB inahesabu namba peke yake. Na kwa Excel tarehe ya kweli ni namba. Inahesabu siku tangu mwanzo wa 1900, halafu inaivalisha nguo ya tarehe ili sisi tuisome.

```
=NB(A2:A851)
```

Jibu: 726. Kutoka 850 toa 726, zinabaki 124. Maana yake visanduku 124 vilikuwa na kitu kinachofanana na tarehe machoni, lakini kwa Excel ni maneno tu, kama jina la mtu. Fomula ya grafiki inatafuta tarehe kati ya 1 na 30 Aprili, na neno haliwezi kuwa kati ya siku mbili, kwa hiyo linarukwa kimyakimya bila alama yoyote ya kosa.

Lakini 124 si 162. Bado 38. Nikauliza tarehe kubwa kuliko zote ndani ya safu ni ipi:

```
=MAX(A2:A851)
```

Ikajibu 04/12/2024. Tarehe 4 Desemba! Na sisi tuko Mei. Tukacheka, hata yule dada akacheka. Nikahesabu waliokaa mbele ya mwisho wa Aprili:

```
=NB.SI(A2:A851;">"&DATE(2024;4;30))
```

Jibu: 38. Sasa 124 + 38 ni 162, na hesabu ikafunga.

Nani aliwapeleka Desemba? Mashini mpya ilikuja ikiwa imepangwa kwa desturi ya Amerika, ambako mwezi unaandikwa kwanza, siku ya pili. Dada aliandika 08/04/2024 kama rejista inavyosema, yaani tarehe 8 Aprili. Mashini ikaelewa 4 Agosti. Tarehe 9 ikawa Septemba, 10 Oktoba, 11 Novemba, 12 Desemba. Siku hizo tano zilikuwa na wagonjwa 9, 6, 8, 7 na 8. Jumlisha: 38. Kuanzia tarehe 13 mashini ikashindwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Badala ya kulalamika, ikahifadhi 13/04/2024 kama maneno. Hao ndio 124 wa kuanzia tarehe 13 hadi 30. Mimi niliingiza tarehe 1 hadi 7 kwenye mashini yangu ya kifaransa, zikakaa vizuri: wagonjwa 52. Grafiki ilikuwa imechora juma langu moja na kuliita mwezi.

Kwa nini hakuna aliyeona? Kuna sababu tatu, na zote zilikuwa mbele ya macho. Kwenye mashini yake, dada aliona 8/4/2024, kile kile alichoandika. Ni kwenye mashini yangu tu ndipo ilionekana 04/08/2024. Pili, Excel kwa kawaida inasogeza tarehe za kweli upande wa kuume na maneno upande wa kushoto, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeweka safu yote katikati ili ipendeze. Nilifuta alama ambayo ingetuonya. Tatu, grafiki ilichorwa kuanzia Januari hadi Juni tu. Wagonjwa wa "Agosti" na "Desemba" walikaa nje ya fremu.

Kurekebisha kulihitaji uangalifu. Kwanza nilifanya kopi ya faili na kuacha la asili bila kugusa. Kisha nilitafuta mistari ya dada inaanzia wapi: mstari wa 690 hadi 851. Kwenye safu tupu pembeni nikaandika fomula moja na kuiteremsha hadi mwisho:

```
=SI(ESTNUM(A690);
DATE(ANNEE(A690);JOUR(A690);MOIS(A690));
DATE(DROITE(A690;4);STXT(A690;4;2);GAUCHE(A690;2)))
```

Inasema hivi: kama kisanduku ni namba, geuza siku na mwezi vibadilishane nafasi. Kama ni maneno, kata vipande vya mwaka, mwezi na siku, uvijenge upya kuwa tarehe. Nasisitiza mstari wa 690. Ningeianzisha juu zaidi, ingeharibu siku zangu zilizokuwa sawa. 3 Aprili yangu ingekuwa 4 Machi. Excel haiwezi kujua yenyewe kama 04/03 iligeuzwa au haikugeuzwa. Anayejua ni rejista, na mtu anayekumbuka nani aliandika wapi.

Jumla ikatoka 214, lakini sikusimama hapo, maana jumla inaweza kuwa sawa na siku zikawa za uongo. Tulilinganisha siku kwa siku na karatasi: tarehe 8 wagonjwa 9, tarehe 9 wagonjwa 6, tarehe 22 wagonjwa 11. Zote zikakubali. Ndipo Titilere akaandika 214.

Sasa niwaambie 52 ingefanya nini. Dawa tunaomba kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu, na kila mgonjwa wa malaria ya kawaida anapewa dozi moja ya siku tatu. Kwa namba ya uongo: 198 + 207 + 52, gawanya kwa 3, inatoka kama 152. Kwa namba ya kweli inatoka 206. Tungeomba dozi 54 pungufu kwa kila mwezi. Mwisho wa mwezi mama angefika na mtoto mwenye homa, TDR ingesema POS, na sisi tungemwambia aende kununua famasi. Na juu yake tungesherehekea vyandarua, ambavyo labda vinasaidia, lakini grafiki ile haikuthibitisha hilo.

Tangu siku hiyo tulibadilisha mambo mawili. Siku, mwezi na mwaka vina safu zake tatu, na faili linajenga tarehe lenyewe, kwa hiyo hakuna mashini ya kukisia. Na kila ukurasa wa rejista ukiisha, muuguzi anaandika chini jumla ya POS, mimi naandika jumla ya faili kando yake, na tunatia saini wote wawili. Mashini mpya nayo tuliirudishia desturi ya kwetu, lakini kwa hilo peke yake nisingelala, maana kesho italetwa nyingine.

Titilere alimwomba yule dada msamaha mbele yetu wote. Mimi pia nilimwomba, kwa sababu ndiye niliyempa mashini bila kuipima. Safu ya tarehe siiweki tena katikati.