Kwa Nini Bapa Jembamba Hupoa Kwanza

Vipande viwili vya chuma vikitoka motoni kwa pamoja, vyote vikiwa na wekundu uleule, chembamba hufifia kabla ya kinene. Mwanagenzi wa uhunzi hukutana na jambo hili mapema, kwa sababu humharibia kazi. Bapa alilokwisha kulifua likawa jembamba hupoa angali analipiga nyundo, na chuma cha springi kikipigwa baada ya kupoteza wekundu hupasuka ukingoni.

Mhunzi mmoja alimwonyesha mwanagenzi wake sababu kwa vipande viwili vya springi ya lori, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 4. Kimoja kilikuwa na unene wa milimita 12. Cha pili kilikuwa kimefuliwa hadi milimita 3. Vilitiwa kwenye makaa mpaka vikawa rangi ya chungwa, kisha vikalazwa juu ya kingo za matofali. Havikuwekwa kwenye fuawe kwa kuwa fuawe baridi hunyonya joto. Punde chembamba kilikuwa cheusi, na kinene bado kinang'aa.

Joto huhifadhiwa katika mwili mzima wa chuma, lakini hutokea usoni tu. Nyuso mbili pana za kila kipande zilikuwa sawa, jumla sentimita za mraba 160. Kilichotofautiana ni akiba ya joto iliyokuwa ndani: kinene kilikuwa na uzito wa gramu 750 hivi, chembamba hakikufika 190. Mlango ni uleule, ghala ni robo. Kingo za kipande kinene huongeza uso kidogo, kwa hiyo chembamba hupoa kwa kasi ya zaidi ya mara tatu, si nne kamili.

Hesabu hiyo hufaa hewani. Chuma chekundu kikizamishwa kwenye mafuta ili kiwe kigumu, uso hupokonywa joto upesi kuliko kiini cha kipande kinene kinavyoweza kulileta nje, na tofauti huzidi kuwa kubwa.

Taabu ya kisu ni kwamba ni kinene na chembamba kwa wakati mmoja. Makali hupoa na kukakamaa wakati mgongo bado una moto, kisha mgongo unapojikunja nao huyavuta. Bapa hupinda, au ufa hutokea kwenye makali. Mara nyingine husikika mlio mwembamba mkali ndani ya mafuta. Ndiyo maana mwanagenzi hufundishwa kuelekeza mgongo kwenye makaa kwanza, kwani makali huwahi pia kupata moto na yanaweza kuungua. Hufundishwa vilevile kutoyamaliza makali kabla ya kuzamisha: huyaacha na unene wa karibu milimita 2, na kuyanoa bapa likishakuwa gumu na kupashwa tena kwa moto mdogo.